Mwaliko wa Mwajiri na Deni la Mama

Hivi karibuni mwanamke mmoja Mkatoliki, mhasibu katika ofisi moja ya mizigo mjini Dar es Salaam, alitujia na swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo. Alisema: “Padre, nikiwaambia kazini kwamba nina msiba kijijini, nitakuwa nimetenda dhambi kubwa?” Tulimwuliza ni nani aliyefariki. Akajibu: “Hakuna aliyefariki, Padre. Mama yu hai. Ndiyo sababu natafuta msiba.”

Kwa ruhusa yake twalieleza jambo hilo hapa, bila kumtaja yeye wala ofisi yake, maana twaamini wako wengi wenye shida iyo hiyo.

Ofisi ile ilikuwa imetangaza safari ya kujenga umoja wa wafanyakazi. Wote wangeondoka siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, kwa basi kwenda Bagamoyo. Wangelala huko usiku wa mbili na kurudi Jumapili jioni. Huko wangevuta kamba, wangecheza mpira, wangekula pamoja na kumsikiliza mtaalamu akisema juu ya ushirikiano kazini. Gharama zote zilikuwa juu ya mwajiri. Tangazo halikusema kwamba ni lazima, ila lilimalizika kwa maneno kwamba kila mmoja anatarajiwa. Na meneja, akipita mezani pa watu, alidokeza kwamba nafasi ya mhasibu mkuu ingejazwa karibuni, na kwamba mtu hujulikana akiwa na wenzake.

Nyumbani kwa mhasibu huyo yupo mama yake, mwenye umri wa miaka 74, aliyepatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kuume umelala, na maneno humtoka kwa shida. Yupo msichana anayelipwa kumtunza mchana, tangu Jumatatu hata Jumamosi adhuhuri. Usiku wote, na tangu Jumamosi adhuhuri hata Jumatatu asubuhi, mwuguzi ni binti yake peke yake. Kaka yake anakaa Morogoro, naye hutuma fedha ya dawa kila mwisho wa mwezi.

Asiyewahi kumwuguza mtu wa namna hii aweza kudhani kwamba kazi ni kuketi karibu na kitanda. Sivyo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya matako, nyonga na visigino hufa kwa kugandamizwa, na kidonda hufunguka. Dalili ya kwanza ni alama nyekundu, ambayo juu ya ngozi nyeusi huonekana kama doa lililokolea. Ukilibonyeza kwa kidole halibadiliki, na mahali pale pana joto au ugumu usio wa kawaida. Mwenye kujua huliona doa hilo mapema na kumlaza mgonjwa upande mwingine. Asiyejua hulifunika kwa shuka. Tena kiharusi huweza kudhoofisha koo. Mama huyu hulishwa akiwa ameketi wima, uji mzito, kijiko kimoja kimoja, na baada ya kula hukalishwa vivyo hivyo kwa nusu saa. Akilishwa amelala, chakula chaweza kushuka mapafuni na kumletea homa ya mapafu. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Lakini uji wenyewe wataka mkono uliofundishwa.

Basi, je, mtu huyu amefungwa kwenda Bagamoyo? Akiwa hakufungwa, aseme nini?

Tuanze na haki ya mwajiri, kwa maana nayo ni haki ya kweli. Mfanyakazi aliyepatana mshahara huwa ameuza saa zake, na mwenye kuziiba saa hizo huiba mali. Lakini aliuza saa zipi? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, na ikaamuru mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Kazi katika mapumziko hayo yataka mapatano, na kila saa yake hulipwa maradufu. Safari ya Bagamoyo iliyachukua mapumziko yote. Ikiwa ni kazi, yampasa mwajiri kupatana na watu wake na kuwalipa. Ikiwa ni karamu, basi ni mwaliko; na mwaliko usioweza kukataliwa umekoma kuwa mwaliko. Haiwezekani ukawa amri siku ya kuondoka, ukawa zawadi siku ya kulipa.

Hatusemi kwamba safari hizo ni upuuzi. Watu wanaofanya kazi chumba kimoja mwaka mzima bila kujuana huumizana kwa maneno madogo, na siku ya kula samaki pamoja ufukweni imepatanisha wengi. Mwenye nafasi na aende, tena kwa moyo mweupe. Swali letu ni juu ya asiye na nafasi.

Na juu yake Kanisa halina mashaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha juu ya fadhila ya heshima kwa wazazi, alijiuliza kama mtu aweza kuwaacha wazazi wake ili aingie utawa. Alijibu kwamba, ikiwa wazazi wamo katika shida hata hawawezi kusaidiwa vya kutosha bila mtoto huyo, si halali kuwaacha hata kwa ajili ya utawa. Tulipima jibu hilo seminarini, na liliwagusa wengi wetu, maana kila mmoja alikuwa ameacha watu nyumbani. Ikiwa utawa, unaomtolea Mungu maisha yote, hungoja mlangoni pa mama mgonjwa, je, kuvuta kamba hakuwezi kungoja? Hata Misa ya Dominika, iliyo wajibu mzito kwetu sote, Kanisa humsamehe asiyeweza kuifikia kwa sababu ya kumtunza mgonjwa. Mwajiri asiyemsamehe hudai zaidi ya anayodai Kanisa kwa jina la Mungu.

Bwana wetu mwenyewe, kama tusomavyo katika sura ya saba ya Marko, aliwakaripia watu waliosema kwamba mali ya kuwasaidia wazazi wao imekwisha kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, na kwa hiyo wazazi hawana chao. Walitumia jambo jema kukwepa deni. Nasi tujihadhari, kwa kuwa kazi na cheo vyaweza kuwa Korbani ya siku hizi: mtu husema kwamba anatafuta maisha kwa ajili ya mama, huku mama amekosa wa kumgeuza kitandani.

Lakini kisu hicho hukata pande mbili. Yupo pia mtu anayemfanya mgonjwa wake kuwa Korbani. Hawapendi wenzake, au aona haya kula nao, au amechoka tu. Naye kila aitwapo hujibu kwamba mama ni mgonjwa, hali mama yu pamoja na dada zake watatu wenye nguvu. Huyo hamtunzi mama bali amejificha nyuma ya kitanda chake. Ajipime kwa swali moja: Kama leo angepatikana mtu anayeijua kazi hii na mgonjwa humpenda, je, ningekwenda? Akijibu ndiyo, sababu yake ni mama. Akijibu hapana, atafute sababu yake ya kweli, wala asimsingizie mgonjwa.

Tulimwuliza mhasibu huyo swali hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema angekwenda, tena kwa furaha, maana hajauona ufuko wa bahari tangu mama alipoanguka. Tukamwuliza kama ametafuta mtu. Alisema alimwomba jirani, mama mwema wa jumuiya yake ndogo ndogo, naye alikubali kuja mchana wa Jumamosi. Lakini jirani hakuweza kukesha usiku wa mbili, wala hakuwa amefundishwa kumlisha mgonjwa. Kumfundisha vema kungetaka kumkalisha kando ya kitanda mara kadhaa, amwone mwenye kujua akifanya, kisha afanye mwenyewe akiangaliwa. Siku zilizobaki hazikutosha. Tuliridhika: hitaji lilikuwa la kweli, na mtu wa kushika nafasi hakuwapo.

Kama ni hivyo, kwa nini atafute msiba? Jibu lake lilituhuzunisha. Alisema kwamba kazini kwake msiba hauulizwi maswali, lakini ugonjwa wa muda mrefu huwachosha watu. Mwezi wa kwanza wa kiharusi walimpa pole, mwezi wa sita walianza kusema: “Bado tu?” Twasikitika kusema kwamba hata sheria tuliyoitaja, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi, au mtoto wake akiugua au kufa, lakini ugonjwa wa mzazi haukutajwa katika orodha hiyo. Mtu alipewa siku za kumzika mama, hakupewa za kumwuguza. Si ajabu basi mtoto kushawishika kumwua mama yake kwa maneno ili apate kumtunza kwa vitendo.

Lakini na tuufuate uongo huo mpaka mwisho wake. Waalimu wa maadili hutenga uongo wa mzaha, uongo wa kusaidia na uongo wa kudhuru. Mhasibu wetu alidhani wake ni wa kusaidia, usio na mwathirika. Haya, tuseme ametangaza kwamba shangazi amefariki kijijini. Katika nchi hii tangazo la msiba haliishii masikioni. Kabla ya jioni mtu ameandika orodha, na daftari la rambirambi limezunguka mezani. Mfagizi ametoa elfu mbili, dereva elfu tano, na meneja ametia bahasha yake. Je, atazipokea? Akizipokea, uongo umekuwa wizi, tena wizi wa fedha za maskini, na hana budi kuzirudisha. Akizikataa, atatoa sababu gani? Na siku shangazi atakapokufa kweli, atasema amekufa mara ya pili? Njia ya mwongo ni fupi, nayo hii ingekwisha kwenye daftari la rambirambi. Alichokiona kuwa kosa dogo la ulimi kingetia mkono mfukoni mwa wenzake.

Tena uongo huo ungemdhuru mgonjwa mwenyewe. Kwa kusema yuko msibani, angemfanya mama kuwa jambo la kufichwa, kana kwamba kumgeuza mzazi kitandani ni aibu, na kumzika mtu ndiyo heshima.

Hata hivyo, kutosema uongo si sawa na kusema kila kitu. Mtakatifu Tomaso huyo huyo afundisha kwamba uongo haufai hata kwa kumwokoa mtu na hatari, ila ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Mama ana heshima yake. Ofisi haina haki ya kujua habari za shuka zake, wala kupelekewa picha yake kwenye simu kama ushahidi. Kipimo ni hiki: sema kiasi kinachomwezesha mwenye mamlaka kuelewa kwa nini huwezi, na kuona kwamba si dharau, kilichozidi hapo ni siri ya nyumba.

Basi tulikaa naye, tukaandika barua fupi, siku kumi na moja kabla ya safari. Ilisema hivi: “Ndugu Meneja, nashukuru kwa mwaliko wa safari ya Bagamoyo. Sitaweza kwenda. Mama yangu ni mgonjwa wa kitandani, nami ndiye mwuguzi wake kila usiku, na tangu Jumamosi adhuhuri hata Jumatatu asubuhi. Hakuna mwingine aliyefundishwa kazi hiyo kwa sasa. Mkutano wowote wa saa za kazi nitahudhuria. Likiamuliwa huko jambo linalohusu kazi yangu, naomba nielezwe Jumatatu.”

Msomaji aone yaliyomo. Shukrani imetangulia, kwa kuwa mwaliko ni jambo jema. Kukataa kumesemwa kwa neno moja lisilo na mlango wa nyuma. Hapa ndipo wengi wetu hukosea: kwa adabu twasema “nitaangalia”, au “Mungu akipenda”, hali moyoni tumekwisha amua kwamba hatuendi. Kulitaja mapenzi ya Mungu ili kufunika uamuzi wetu ni kulichezea jina lake, tena kunamtia mwajiri hasara, maana hulipia kiti cha basi na chumba kisicholalwa. Kisha sababu imetajwa kwa saa na siku, bila machozi. Mwishoni ameahidi anachoweza kweli, wala hakuahidi kuja mchana mmoja na kurudi usiku, jambo ambalo alijua halitawezekana.

Tulimwongezea kazi ya pili, nayo ilikuwa ngumu kuliko barua. Tulimwambia ampigie simu kaka yake. Amri ya nne haikuandikwa kwa binti peke yao. Fedha ya dawa ni msaada mkubwa, nasi hatuidharau. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Kaka alijibu kwanza kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Dada yake akamwambia: “Kaka, mama alikubeba wewe mgongoni kabla yangu.” Kwa sasa huja Jumamosi moja kila mwezi, naye amejifunza kumlisha mama kwa kijiko. Dada hulala usiku ule bila kuamka. Huu nao ni sehemu ya jibu la swali la safari, kwa maana familia ikiligawa deni, mwaka mwingine mtu aweza kuupokea mwaliko.

Kwa waajiri Wakatoliki, na tunajua wako wanaotusoma, twasema neno moja. Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba familia ni jamii iliyoitangulia dola, yenye haki zake yenyewe. Kama imeitangulia dola, imeitangulia na ofisi. Wataka kujenga umoja? Waulize watu wako kabla ya kulipia basi: ni nani kati yenu ana mtoto mchanga, mzee, au mgonjwa? Karamu ya adhuhuri siku ya kazi yaweza kuwakusanya wote, hali safari ya siku tatu itawakusanya wasio na mzigo. Na kama ni lazima iwe safari, tenga kabisa orodha ya waliokwenda na orodha ya wanaostahili kupandishwa cheo. Mtu aamkaye usiku kumgeuza mama yake kwa miaka miwili, na asubuhi hesabu zake zikawa sawa, ameonyesha uaminifu usiopimwa kwa kuvuta kamba.

Wasomaji watauliza mwisho wake ulikuwaje. Meneja alijibu kwa mstari mmoja kwamba amepokea barua. Safari ilifanyika, Jumatatu picha zilibandikwa ukutani, naye hakuwamo. Mwezi uliofuata nafasi ya mhasibu mkuu alipewa mwingine. Labda mwingine huyo alistahili zaidi, labda ni kwa sababu ya Bagamoyo. Yeye hajui, wala sisi hatujui, na si haki kumhukumu meneja kwa jambo lisilothibitika. Hatukumwahidi kwamba ukweli ungemletea cheo. Tulimwahidi tu kwamba usingemletea deni la rambirambi.

Alipokuja tena tulimwuliza kama anajuta. Alisema: “Nafasi ile niliitaka, Padre, sitakuficha. Lakini mama aliuliza Jumamosi ile kwa nini siko kazini kwangu, nami nikaweza kumjibu.” Kisha akaaga mapema, maana saa mbili zilikuwa karibu kutimia.